Kioo Kinapokula Pointi za Chaji: Kuandika Skripti ya Kulinganisha Simu Mbili za Laki Tatu

Ndugu mwenyekiti, watengeneza video wenzangu, na nyie wa maduka ya simu mliokuja kusikia tunawasema nini: habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie skripti ya video inayolinganisha simu mbili za bei ya chini, bila upendeleo, na mtazamaji akimaliza awe anajua anunue ipi. Taa, maikrofoni na ukataji wa video nawaachia wenzangu wa kesho. Mimi nitashika mfano mmoja na kwenda nao mpaka mwisho. Simu zangu naziita Nyeusi na Bluu. Chapa nimezificha makusudi, na nambari za vipimo nimezitunga ziwe za kufundishia, kwa sababu nikitaja kampuni hapa, robo saa ijayo ukumbi wote utakuwa unabishana Samsung na Tecno na kazi tutaisahau.

Kabla ya simu, mtafute mtu. Skripti nyingi ninazoziona zinaanza na kioo, zinakwenda prosesa, kamera, betri, halafu mwishoni mtangazaji anasema "zote ni nzuri, inategemea na wewe". Lazima aseme hivyo, kwa sababu tangu mwanzo hakujua anaongea na nani. Mtu wangu leo ni dereva wa bodaboda. Anaendesha mchana, anapokea abiria kwa programu ya usafiri, simu ameifunga kwenye usukani, na mfukoni ana shilingi 300,000, hazizidi. Nimechagua yeye kwa sababu siku yake ya kazi inaibana simu kuliko siku ya mtu wa ofisini: jua, ramani iliyowashwa muda wote, mtandao unaokatika kati ya mtaa na mtaa.

Sasa namgawia pointi 100. Chaji 30. Kioo kusomeka juani 25. Mtandao, ramani na arifa 20. Kasi simu ikishajaa vitu 15. Kamera 10. Najua kuna waliokunja uso hapo kwenye kamera. Tunaipenda kwa sababu picha inapendeza kwenye video na inatusaidia kujaza dakika, lakini dereva anapiga picha ya risiti, ya mzigo alioupokea, na ya mtoto Jumapili. Kumi inamtosha. Ukitaka kuipa kamera 40, ruksa, ila tengeneza video nyingine kwa ajili ya dada anayeuza nguo mtandaoni.

Mgawanyo huo unaandikwa na kuwekewa tarehe kabla simu hazijawashwa. Upige picha ule ukurasa au jitumie mwenyewe kwenye WhatsApp, ilimradi ubaki na ushahidi. Sababu yake si kuwaonyesha watazamaji kwamba wewe ni mkweli. Ni kwamba ukishaishika simu siku mbili unaanza kuipenda mojawapo, na mkono unaanza kuongeza uzito kwenye kile inachokiweza. Kwenye ukurasa huohuo andika na kanuni ya sare: pengo likiwa chini ya pointi 2, anashinda wa bei ndogo. Kanuni ya sare iliyotungwa baada ya kuona matokeo ni upendeleo uliovaa suti.

Simu zenyewe lazima zilingane kabla hazijalinganishwa. Bei ya duka lilelile, siku ileile, na hifadhi ileile. Hauweki yenye GB 4 na 64 mbele ya yenye GB 6 na 128 halafu ukaishangaa ya pili kwa wepesi. Na hapo kwenye RAM soma boksi vizuri, maana siku hizi linaweza kuandikwa 8 kwa herufi kubwa, kumbe 4 ni za kweli na 4 zinaazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ina kasi ndogo zaidi. Kwenye skripti taja ile ya kweli kwa simu zote mbili. Nunua dukani kama mteja wa kawaida, bonyeza *#06#, tuma IMEI kwenda 15090 uone kama ndiyo simu uliyoambiwa. Kama simu umepewa na kampuni, sema hivyo ndani ya dakika ya kwanza, kwa mdomo, si kwa maandishi madogo chini ya video.

Nitoe mfano wa kweli mmoja kuonyesha karatasi za vipimo zinavyodanganya bila kusema uongo. Samsung Galaxy A05 na Redmi 13C zilitoka zote mwaka 2023. Zote zina prosesa ya MediaTek Helio G85, zote zina betri ya mAh 5000. Ukiandika dakika mbili za prosesa hapo, umesema jambo moja mara mbili. Sasa njoo kwenye kuchaji: karatasi inasema A05 inapokea wati 25, Redmi wati 18. Mtangazaji mvivu anasoma "25 dhidi ya 18", anampa A05 ushindi na kuendelea. Lakini kwenye masoko mengi boksi la A05 halina chaja, na la Redmi lina chaja ya wati 10. Kwa hiyo mteja akifika nyumbani jioni ile, hana 25 wala 18. Ana 10 kwa upande mmoja, na upande wa pili ana kebo tu na safari ya kurudi dukani. Skripti ya haki inaandika bei ya simu pamoja na kila kinachohitajika ili itumike siku ya kwanza.

Nikirudi kwa dereva wangu: Nyeusi ni 270,000 bila chaja, na chaja yake ya kueleweka ni 20,000, jumla 290,000. Bluu ni 299,000 na chaja ndani. Kwenye video nitasema 290 na 299. Ile 270 naitaja mara moja tu, nikieleza ilivyokua.

Hapa sasa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo video nyingi zinapoharibika huku mwenye video akiamini ametenda haki.

Jaribio la chaji. Unawasha ramani kwenye simu zote mbili, mwangaza juu kabisa kwa sababu dereva yuko juani, unaziacha mpaka zizime zenyewe. Mpaka zizime, nasisitiza. Usiandike "baada ya saa mbili imepungua asilimia 18", kwa sababu asilimia ni makadirio ya simu yenyewe. Zipo zinazong'ang'ania 100 kwa muda mrefu halafu kuanzia 20 zinaporomoka. Saa ya ukutani haina tatizo hilo. Tuseme Nyeusi imezima baada ya saa 9 na dakika 10, Bluu saa 10 na dakika 20. Bluu imeshinda kwa dakika 70. Unaandika kwenye skripti: "Kwa chaji, Bluu iko mbali."

Halafu unapima kioo. Njia ya bei nafuu ni simu ya tatu yenye programu ya kupima mwanga, ile inayotumia kihisio cha juu karibu na kamera ya mbele. Unafungua picha nyeupe tupu kwenye simu unayoipima, chumba kikiwa giza, unaweka bomba fupi la karatasi ngumu kati ya kioo na kihisio ili umbali uwe uleule, unasoma. Nambari hiyo haina maana ukiipeleka maabara, lakini kwa kulinganisha simu mbili kwa kifaa kilekile inatosha. Nyeusi inasoma 430, Bluu 340. Unaandika: "Kwa kioo juani, Nyeusi."

Ukipiga hesabu hapo, mshindi wa kila kigezo anapata pointi zote na mwenzake anapata sehemu yake kwa uwiano. Chaji: Bluu 30, Nyeusi 26.6. Kioo: Nyeusi 25, Bluu 19.8. Vigezo vingine nitavifikia, lakini niwape jumla mapema: Nyeusi 94.1, Bluu 94.8. Pengo halifiki pointi 1, ni sare, na kwa kanuni yetu Nyeusi anapenya kwa bei tu. Umetoa hukumu dhaifu, ya kuponea.

Mnaona kosa liko wapi? Nyeusi imewahi kuzima kwa sababu kioo chake kinawaka zaidi. Uliposema "mwangaza juu kabisa" ulidhani umezipa simu hali moja, kumbe moja ilikuwa inafanya kazi kubwa kuliko mwenzake saa zote hizo. Umeiadhibu kwenye chaji kwa kitu kilekile unachokuja kuisifia kwenye kioo. Vigezo viwili vimevujiana.

Dawa yake ni kurudia jaribio la chaji kioo kikiwa sawa. Bluu inabaki juu kabisa, 340. Nyeusi unaishusha polepole ukiangalia simu ya tatu mpaka nayo isome 340. Usitumie alama ya katikati ya kitelezi ukadhani ni nusu, kwa sababu nusu ya simu hii si nusu ya ile. Zima mwangaza wa kujirekebisha wenyewe, na kama simu moja ina uwezo wa kujiongeza juani pale tu ule mwangaza wa kujirekebisha ukiwa umewashwa, hilo lipime kwenye kigezo cha kioo, nje, jua la saa saba mchana, na useme. Sasa tuseme Nyeusi imekwenda saa 10 na dakika 15, Bluu saa 10 na dakika 20. Ukirudia mara tatu unakuta simu ileile inatofautiana na yenyewe kwa dakika 10 au zaidi. Basi dakika 5 si tofauti. Ni sare, 30 kwa 30. Jumla mpya: Nyeusi 97.5, Bluu 94.8. Hukumu imekuwa na miguu.

Lile jaribio la kwanza usilitupe. Lina sentensi moja ya thamani kubwa kwa dereva, nayo inaingia kwenye skripti hivi: "Zikiwaka sawa, chaji ni sawa. Ukiipandisha Nyeusi mpaka mwisho ili uone vizuri juani, utalipa kama saa moja na dakika tano." Mtu akishasikia hivyo, anaweza kuamua mwenyewe kama anataka kulipa.

Kuna mengine ya kulinda kwenye jaribio hili na nitayapitia haraka. Simu mpya isipimwe siku ya kwanza, kwa sababu inapakua masasisho na kupanga mambo yake kimyakimya. Iache itulie siku chache, kisha zima masasisho ya programu. Laini mbili za mtandao mmoja, na siku ya pili zibadilishane, maana laini nayo inaweza kuwa ndiyo mbovu. Simu zote mbili zipimwe saa zilezile, zikiwa pembeni kwa pembeni: joto la chumba na msongamano wa mtandao vinabadilika kutwa. Na kioo cha Hz 90 kisishushwe kuwa 60 ili "kulingana", ukishushe tu kama mnunuzi wako naye atakishusha. Mimi naacha kilivyotoka kiwandani na nasema hivyo kwa sauti.

Kigezo cha tatu, mtandao na arifa, watu wengi wanakigeuza kuwa kipimo cha kasi ya intaneti. Unapata nambari ya megabiti, inapendeza kwenye skrini, lakini nusu yake ni habari za mnara na saa uliyopima. Kwa dereva swali ni jingine: ombi la abiria likiingia kioo kimezimwa, simu italia? Simu nyingi za bei hii zinaua programu zinazokaa nyuma ili kuokoa chaji, na mtu anakosa kazi huku akidhani siku hiyo hakuna abiria. Kipime hivi. Zima kioo. Simu nyingine itume ujumbe baada ya dakika 10, baada ya dakika 30, baada ya saa 1, na wewe andika saa ya kutumwa na saa ya kulia. Fanya kwanza kwa mipangilio ya kiwandani, halafu ruhusu programu isibanwe na kiokoa chaji, urudie. Kwenye mfano wangu simu zote mbili zimechelewesha kabla ya kurekebishwa, na zote zimelia vizuri baada ya hapo, basi 20 kwa 20. Kigezo kimekwisha sare, lakini usikifute kwenye video. Sekunde 25 za kuonyesha mipangilio hiyo zitamsaidia hata yule mwenye simu ya zamani ambaye hanunui kitu mwaka huu.

Kasi. Mbio za kufungua programu kwenye simu tupu ni mchezo wa watoto, kwa sababu simu ikitoka kwenye boksi karibu zote zinakimbia. Jaza hifadhi mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi, weka WhatsApp yenye makundi na video za harusi, kisha washa upya. Pita mzunguko mmoja: ramani, WhatsApp, programu ya pesa, kamera, rudi kwenye ramani. Pima tangu kidole kinapogusa mpaka kitu kinapotumika, si mpaka nembo inapotokea. Rekodi kwa kamera ya nje na hesabu kwenye meza ya kukatia video. Tuseme Nyeusi sekunde 48, Bluu 40. Bluu 15, Nyeusi 12.5. Hapa Bluu ameshinda kihalali, na skripti iseme hivyo bila kuongeza "lakini" mwishoni mwa sentensi. Angalieni skripti zenu nyumbani: yule mnayempenda akishindwa mnamwekea "lakini", asiyependwa akishindwa sentensi inakwisha kwa nukta.

Kamera ina pointi 10 tu, ila ina ugonjwa wake. Sisi wenyewe ndio wapimaji wabaya zaidi, kwa sababu tunajua picha ipi imetoka simu ipi. Piga picha nane au kumi kwa simu zote mbili, mtu yuleyule, mahali palepale, ndani ya dakika ileile. Lazima ziwemo picha mbili: mtu mweusi amesimama kivulini anga jeupe likiwa nyuma yake, na mtu chini ya taa ya fremu usiku. Hapo ndipo simu za bei hii zinapoachana, maana nyingi zinapima mwanga kwa anga na kumwacha mtu amekuwa kivuli. Usizirekebishe, usizikate. Zipitishe kwanza kwenye WhatsApp kama zitakavyotumwa kweli, ondoa majina, ziite 1 na 2 na ubadilishe nafasi kila picha. Waonyeshe watu 20 kwenye simu, si kwenye kompyuta.

Kwangu watu 12 wamechagua Bluu, 8 Nyeusi. Ukiwa na haraka unaandika "asilimia 60 wameichagua Bluu", na inasikika kubwa. Rusha sarafu mara 20 uone: takribani nusu ya nyakati, upande mmoja au mwingine utatokea mara 12 au zaidi. Kwa watu 20, mimi sitangazi mshindi mpaka 15 wakubaliane. Basi sare, 10 kwa 10, na kwenye skripti naandika "watu 20 hawakukubaliana", ambayo ni kweli na ni fupi.

Tumefika kwenye kuandika kwenyewe. Chora safu mbili, kushoto sauti, kulia picha. Kanuni yangu ya safu ya kulia ni kwamba kila dai la kushoto liwe na picha yake kulia iliyopigwa kwenye jaribio hilohilo. Ukisema 48 na 40, saa ionekane. Ukikosa picha ya dai, dai linafutwa, hata kama ni kweli. Kwenye safu ya kushoto hesabu maneno ya kila simu. Si lazima yalingane kabisa, lakini Nyeusi ikipata maneno 300 na Bluu 170, mtazamaji ameshajua upande wako kabla hujahukumu. Na zipokezane kuanza: kama Nyeusi imetangulia kwenye chaji, Bluu itangulie kwenye kioo. Anayetajwa wa pili daima anasikika kama jibu.

Mwanzo wa skripti yangu unasomeka hivi:

"Unaendesha bodaboda mchana, unapokea abiria kwa simu, na una laki tatu. Kati ya hizi mbili nunua Nyeusi. Zote nimezinunua kwa pesa yangu, duka moja, siku moja. Nyeusi na chaja yake ni 290,000, Bluu ni 299,000. Nimepima vitu vitano: chaji pointi 30, kioo juani 25, mtandao na arifa 20, kasi simu ikijaa 15, kamera 10. Kama siku yako haifanani na hiyo, pointi hizi si zako, nitakwambia mwishoni ni nani achukue Bluu."

Kuna wenzangu wanaokataa kutoa jibu mwanzoni, wanasema mtu ataondoka. Wataondoka wengine, kweli. Lakini mtazamaji huyu analipia bando, na mtu aliyepewa jibu bure mara moja ndiye anayerudi siku shemeji yake anapotaka simu. Wanaobaki wanabaki kukagua kama umesema kweli, na hao ndio watazamaji wazuri. Hilo ni chaguo langu. Mwenye kuweka hukumu mwishoni si mkosaji, mradi vigezo na uzito wake vimetajwa mwanzoni, kwa sababu hukumu inaweza kusubiri ila vigezo vikitajwa mwishoni vinanuka.

Katikati, kila kigezo kina mpangilio uleule: nilichopima, nilivyopima kwa sentensi moja, nilichopata, na kinamaanisha nini barabarani. Mfano wa kioo: "Kwenye giza, Nyeusi imesoma 430, Bluu 340. Nje saa saba, kwa Nyeusi nasoma jina la mtaa bila kuziba jua kwa mkono. Kwa Bluu naziba." Sentensi zile mbili za mwisho zina umbo moja, na simu zote zimesimama mahali pamoja. Sasa isikilizeni namna mbaya: "Nyeusi ina kioo kikali sana cha kuvutia, wakati Bluu inajitahidi." Hapo hakuna aliyepima kitu, na Bluu imeshapewa pole.

Pointi zenyewe, zile 97.5 na 94.8, mimi sizisomi kwa sauti. Naziweka kwenye jedwali kwa sekunde chache ili anayetaka asimamishe video akague hesabu. Ukizisoma, mtu anasikia tisini na saba na tisini na nne, anadhani ni simu pacha, kwa sababu njia ya uwiano inambeba hata aliyeshindwa vibaya. Kazi ya pointi ni kukubana wewe usibadilishe mawazo. Mtazamaji anahitaji dakika, sekunde na shilingi.

Kabla ya kuandika hukumu, itingishe. Hamisha pointi 5 kutoka chaji kwenda kioo, halafu kinyume chake, uone kama mshindi anabadilika. Kwa mfano wetu Nyeusi inabaki mbele pande zote mbili. Halafu ondoa kioo kabisa, kwa dereva wa usiku: Nyeusi inabaki na 72.5, Bluu 75. Imegeuka, kwa pengo lililozidi 2. Basi huyo ndiye mtu wa Bluu, na umempata kwa hesabu, si kwa kumtafutia Bluu zawadi ya kuifariji.

Hukumu ikaandikwa hivi: "Kwa anayeendesha mchana, nunua Nyeusi. Chaji ni sawa zikiwaka sawa, kioo chake kinasomeka juani, na ni pungufu kwa 9,000 ukihesabu chaja. Bluu ina kasi zaidi ikijaa vitu, sekunde 8 kwenye mzunguko mmoja. Anayeendesha usiku tu achukue Bluu. Bei hizi ni za leo. Ukikuta Nyeusi na chaja yake imeipita Bluu kwa zaidi ya 30,000, mimi mwenyewe nisingeinunua."

Ile 30,000 haikutoka kwenye hesabu, ni maoni yangu, na ndiyo maana inasemwa kwa "mimi mwenyewe". Dereva mwingine anaweza kuona 30,000 ni mafuta ya siku kadhaa, mwingine akaona si kitu mbele ya kioo.

Mwisho ni bei. Video itakaa mtandaoni miaka, bei za Kariakoo hazikai wiki. Simu moja ikipanda au sasisho likabadilisha chaji, usiipige upya video nzima. Bandika juu ya maoni tarehe, bei mpya, na kama hukumu imegeuka au imebaki. Ikiwa imegeuka, badilisha na jina la video siku hiyohiyo, kwa sababu anayetafuta simu anasoma jina kwanza, na wengine wanalisoma wakiwa wameshasimama dukani.

Ahsanteni. Kama kuna mwenye simu mbili mkononi na uzito aliokwisha kuuandika, aje mbele tuutingishe pamoja.